Jicho la Kushoto la Dada

Dada yangu alikuwa fundi wa kushona pale Malaba, kwenye baraza ya duka, karibu na barabara ambako malori yalipanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Alikuwa akivaa miwani tangu kabla sijaanza shule. Vioo vyake vilikuwa vinene pembeni, na ukimtazama uliona macho madogo yaliyozama mbali. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenichukua akanisomesha.

Nilipoingia kidato cha kwanza aliniona nikifinya macho kusoma kibao kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Hakuuliza kitu. Wiki iliyofuata tukaenda kliniki ya macho kwenye hospitali ya misheni. Nilivishwa fremu nzito ya chuma, na mpimaji akawa anachomeka kioo na kukitoa, anachomeka kingine, akiuliza, "Hiki ama kile?" Mpaka herufi za ukutani zikasimama wima. Nilipogeuka dirishani nikauona mkalitusi na majani yake, jani moja moja. Siku zote mti ule ulikuwa donge la kijani kwangu. Nilidhani watu wote wanauona hivyo.

Miwani yangu ilipokuja niliivaa shuleni asubuhi moja tu. Kufikia saa ya chai darasa zima liliniita Nyanya. Kijana mmoja aliinama, akashika mgongo, akapapasa hewani kama bibi kizee anayetafuta mlango. Nikaivua, nikaitia ndani ya soksi, na soksi nikaisukuma chini kabisa ya mkoba.

Alasiri moja nilimkuta dada akishona sketi za shule. Alichukua daftari langu la hesabu akaliinua karibu sana na pua. Alikuwa na desturi ya kuvua miwani akitaka kuona kitu cha karibu. Hata uzi alikuwa akiutia kwenye sindano bila miwani.

"Hii nane umeandika tatu," alisema. "Na hii pia. Miwani iko wapi?"

"Kwa mkoba."

"Ni mkoba ndio unasoma?"

Nilimwambia kila kitu: Nyanya, yule kijana, kicheko. Halafu nikaongeza kwamba wasichana wanasema miwani inaua macho, kwamba ukishaizoea huwezi kuona tena bila hiyo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye mfano, kila mara vioo vyake vinaongezwa unene.

Hakukasirika. Alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Macho yangu yaliharibika nikiwa sina miwani," alisema. "Daktari alinieleza. Jicho letu ni refu kuliko linavyotakiwa, na linarefuka tunavyokua. Ndio maana ya kupimwa kila mwaka. Miwani hailirefushi, na hailirudishi. Inakuonyesha tu ubao."

"Na wakinicheka?"

"Watakucheka. Mimi sikuchekwa, nilichapwa. Mwalimu aliandika ubaoni, nikanakili vitu ambavyo havikuwepo. Akaniita mjinga mbele ya wote, na mimi nikakubali. Nikaacha shule darasa la saba nikijua mimi ni mjinga. Kupimwa nilipimwa nikiwa hapa, nishajifunza kushona. Siku hiyo nilisoma herufi zote ukutani. Nikatoka nje nikalia."

Sikujua hilo. Nilidhani aliacha shule kwa sababu ya umaskini, kama wengi wa mtaa wetu.

Akaniambia nilete miwani. Aliitoa kwenye soksi, akasikitika kuona kioo kimoja kimeshachubuka. Akaimwagia maji kwanza, kwa sababu ukifuta vumbi likiwa kavu unakwaruza, kisha akaifuta kwa kipande cha pamba laini. Akanionyesha kuivua kwa mikono miwili ili mikono ya fremu isilegee, na kutoiweka vioo vikiangalia chini. Nilimwambia nikiivaa sakafu inaonekana imeshuka na kichwa kinauma. "Ni siku chache," alisema. "Unaivaa leo unaitoa kesho, kichwa hakitazoea kamwe."

Akachukua yake naye, akaimwagia maji, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena. Akaifuta tena.

"Dada, ni safi hiyo."

"Kuna masizi," alisema. "Toka Jumapili. Yanaelea kama mtu amechoma karatasi. Na kuna kitu kinamulika pembeni kama radi, hata nikifumba macho."

"Sasa hivi unayaona?"

Alifunika jicho la kulia kwa kiganja akanitazama kwa la kushoto.

"Naona paji lako la uso," alisema. "Na macho. Mdomo wako siuoni. Kuna pazia jeusi limetoka chini."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisema tuende hospitali. Alisema amalize sketi kwanza, mwenye nazo anakuja jioni. Nikavuta kitambaa kutoka chini ya sindano.

Steji ilijaa watu. Kila kona kuna mtu anaita abiria, wabadilishaji pesa wanapita na vibunda vyao, baiskeli za boda boda zinapenya katikati. Dada alinishika begani. Alikuwa akikanyaga kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Magari yalikuwa na vibao mbele, na mimi niliona tu rangi. Wanafunzi wa shule yetu walisimama hapo wakila mahindi, na yule kijana alikuwa miongoni mwao.

Nikatoa miwani mfukoni, nikaivaa. Nilimsikia akiita, "Nyanya!" na wenzake wakacheka. Masikio yaliniwaka. Nikasoma kibao cha kwanza, cha pili, nikapata gari letu, nikampandisha dada.

Pale kliniki walimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha mganga wa macho akachungulia ndani kwa taa ndogo. Alichungulia sana. Alisema nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, na wa dada ulichanika, maji yakapita chini yake, sasa unabanduka kama rangi ukutani. Macho yasiyoona mbali, yakiwa dhaifu sana kama yake, utando wake hukonda. Angekuja siku ile ya radi ya kwanza, pengine ungeokolewa. Upasuaji wake uko Nairobi tu, na unatakiwa ufanywe haraka.

Pesa za haraka hatukuwa nazo. Mjomba alizunguka kwa jamaa, Busia na vijijini, akitafuta namna ya kutupeleka. Dada alilala chali kama alivyoagizwa, na kila asubuhi aliniambia pazia limefika wapi. Limefunika pua yangu. Limefunika macho. Siku moja hakuniambia kitu, nami sikuuliza.

Tulipofika Nairobi walisema utando umeshajikunja, tumechelewa. Jicho la kushoto lilibaki kujua mchana na usiku. Lile la kulia waliagiza likaguliwe mara kwa mara, na mimi pia nikaonywa: nikiona masizi au radi, nisingoje hata siku moja.

Alirudi kwenye cherehani, lakini jicho moja halipimi umbali vizuri. Sindano ilimchoma vidole, mishono ikapinda, wateja wakahamia kwa fundi mwingine bila kusema. Mwishowe aliuza cherehani akawa anauza nyanya na vitunguu kwenye baraza ileile.

Shuleni waliniita Nyanya mpaka kidato cha nne. Miwani niliivaa, na sikuizoea kejeli hata siku moja. Jioni nilimsaidia dada kubeba kikapu hadi nyumbani. Malori yalipita karibu sana, nami nilitembea upande wake wa kushoto, kwa sababu mara moja lori lilimpitia hapo asilione, likamrarua mkono wa gauni.