Barua ya Ibidunni na Mtoto wa Kaka Yake

Ibidunni alipewa barua na Daktari Oyelaran mkononi, akaambiwa aisome akiwa amekaa. Akakaa kwenye benchi la kliniki ya timu, jezi ya mpira wa mikono ingali na jasho, akasoma kuwa damu yake ni AS. Miaka ishirini na mitatu, Abeokuta nzima imemjua kuwa ni AA, damu isiyo na kasoro ya kurithi.

Daktari aliandika kama anayezungumza na binti yake.

"Huumwi, Ibidunni. Wewe ni AS, yaani umebeba kipande cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kutoka kwa mzazi mmoja, na hakitageuka kuwa ugonjwa hata uzeeke. Cheza mpira. Ila anza mazoezi taratibu, kunywa maji, pumzika kati ya mbio na mbio, usicheze ukiwa na homa, na misuli ikiishiwa nguvu au ikiuma, simama. Mwambie kocha. Kukimbizana na mwenzio huku mwili unakataa ndiko kunakoua. Ukiona damu kwenye mkojo, njoo.

"Ndege ya abiria panda bila wasiwasi. Addis Ababa mnakokwenda kucheza iko juu, kwa hiyo siku za mwanzo usijitutumue, na ukiumwa chini ya mbavu za kushoto nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chandarua na dawa za malaria usiache, usijidanganye kuwa damu yako inakukinga.

"Kuhusu watoto: ukizaa na AA, hakuna atakayepata SS, yaani ugonjwa wenyewe. Ukizaa na AS, kila mimba, tena kila moja peke yake, ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Ndugu zako nao wapimwe. Jibu lako si lao, na lao si lako."

Ya mpira na Addis yalimpita tu. Aliyemjia ni Tiwatope, mtoto wa miezi saba wa kaka yake Akinwale. Mama yake mtoto, Simisola, ni AS na hakuwahi kuficha. Siku ya kutambulishwa ukweni alisema hivyo kabla ya kuulizwa, na Mama yake Ibidunni akacheka, akasema kwetu ni AA wote, karibu ule.

Ibidunni alifika nyumbani mbio. Mama alikuwa anachuja uji wa mahindi.

"Mama, mimi nilipimwa lini damu?"

"Si uliandikwa shuleni? AA."

"Nani aliandika?"

"Mimi. Unataka nani, gavana?"

"Ulipata wapi?"

Mama akaendelea kuchuja. "Dada yako Dupe alipimwa, akawa AA. Nyie mmetoka tumbo moja. Nipoteze siku nzima kuwapima watu watatu kwa jambo moja?"

"Na Akinwale?"

Hapo mkono wa Mama ukasimama. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu ya miaka yote, na sasa ilikuwa imemfikia. Ibidunni alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja.

Akinwale alipoambiwa, mbele ya Mama na mkewe, alifanya mzaha. "Mwanariadha, umekimbia mpaka damu ikabadilika." Simisola hakucheka. Alikuwa amempakata Tiwatope, akauchukua mkono wa mtoto na kuukagua kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta mwiba.

"Juzi vilivimba," alisema. "Mama aliniambia ni baridi, nikampaka mafuta ya shea."

"Vikanywea," alisema Mama.

"Vikanywea, Mama. Sijasema havikunywea."

Kesho yake asubuhi Simisola aliwapeleka wote wawili kwa Daktari Oyelaran kupimwa, baba na mtoto, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Walisubiri siku tatu. Ibidunni aliogopa kila mtoto alipolia, akaogopa zaidi aliponyamaza.

Majibu ya Akinwale yalitangulia: AS. Ya mtoto yalikuwa bado kwenye mashine, alisema Daktari Oyelaran, nusu saa hivi. Akawakalisha wote wanne, Mama, Akinwale, Simisola na Ibidunni, akaanza kuwatayarisha. Kama ni SS, alisema, tumewahi: ataanza penisilini leo, atapata chanjo, na akipata homa mtakuja hapa mbio, hamtakwenda kwa muuza dawa. Watoto wa namna hiyo wanakua, wanasoma, wanaoa.

"Lakini bado hatujui," alimalizia. "Wazazi wote wawili ni AS, kwa hiyo ni kama mtoto mmoja kati ya wanne. Watatu wangekuwa salama."

Akinwale alimtoa mtoto mgongoni kwa mkewe, akamweka kifuani.

"Daktari," alisema, "mimi ninaye mmoja."