Kuhamisha Namba ya Ng'ambo

Nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala kuhusu kumbukumbu za wahamiaji, na kwa miaka sita niliamini kwamba namba ya simu ni mali ya mutu kama jina lake. Nisingependa wanafunzi wangu walijue hilo.

Nilipovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kuja kukaa Nchelenge, upande wa Zambia, nilinunua laini ya Zambia kwa ajili ya intaneti. Apu ya meseji niliiacha kwenye namba yangu ya Kongo. Ilifanya kazi bila shida, na ile kadi ya ng'ambo nikaitia kwenye bahasha, ndani ya kabati. Sikuibadilisha namba kwa sababu moja tu, nayo ni mdogo wangu.

Mdogo wangu alibaki upande ule. Watu wenye bunduki walipoanza kuchukua vijana ili wawabebee mizigo, alikimbilia milimani, kwenye machimbo, na simu yake ikabaki mikononi mwa hao watu. Tangu hapo alikuwa ananiandikia kwa simu za kuazima: mara ya mwenye duka, mara ya fundi baiskeli. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Yaya, niko muzima." Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa. Kila mara namba ilikuwa nyingine. Namba ya kupeleka ndiyo ilikuwa ileile, yangu, ambayo aliijua kichwani. Hakuwa na karatasi, maana karatasi yenye namba ya Zambia au ya mutu yeyote ingeweza kumletea maswali. Mimi nami sikuzihifadhi namba zile kwa jina. Zilikaa kwenye simu yangu kama tarakimu tupu, na chini yake yale maneno mawili matatu.

Siku moja nilimwomba binamu yangu wa Kilwa aitie unite, yaani vocha, ile laini ya Kongo, kwa vile nilikuwa sijaitia chochote tangu sikumbuki lini. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti:

"Kaka, inakatala. Banasema ile numéro haiko tena."

Nilitoa kadi kwenye bahasha, nikaitia kwenye simu. Haikushika mtandao wowote. Apu yenyewe iliendelea kufungua kama kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nilikuwa kama mutu anayeishi kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa. Kampuni huziuza upya namba zilizolala. Atakayeinunua yangu ataiandikisha kwenye apu, mimi nitatolewa nje, na siku mdogo wangu atakapoandika "niko pahali fulani", atakayesoma ni yeye.

Mwenzangu wa chumba cha walimu alinishauri kwa uhakika mkubwa: "Futa apu, weka upya, andika namba ya Zambia. Dakika mbili." Kidole changu kilikuwa tayari kwenye skrini. Nashukuru uoga. Nilikwenda kwanza Kashikishi, hapo jirani, kwa mama mmoja anayeuza laini na kutengeneza simu kwenye kibanda karibu na wachuuzi wa chisense, wale dagaa wetu wadogo. Ni Mbemba. Kiswahili chake amejifunza kwa Wakongo wanaonunua kwake, na anakisema kama anayehesabu chenji.

"Ba tata, ulifuta?"

"Bado."

"Awe! Hapana, usifute! Ukifuta, itakuomba kodi ya kuingilia, zile tarakimu sita. Kodi itaenda wapi? Kwa laini ya kufa. Hautaingia tena hata ulie. Na ukianza na namba mupya, utakuwa mutoto wa leo. Hauna grupu, hauna mutu."

"Basi nifanye nini?"

"Tubadilishe namba ndani kwa ndani. Simu ni hii hii? Haubadilishe simu?"

"Hii hii."

"Basi maneno yako yote yatabaki humo. Ingekuwa simu ingine, tungeanza kwa kuyahifadhi, halafu tuyarudishe kule."

Nilimuuliza kama laini iliyokufa haitaharibu kazi. Alinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wanafunzi. Ile ya zamani, alisema, inatosha iwe bado imefunguliwa kwenye apu. Mpya ndiyo lazima iwe hai, maana kodi inakuja kwake. Ila tusichelewe, kwa sababu mwingine akiiandikisha ile ya zamani kabla yetu, mlango umefungwa.

Tuliingia kwenye mipangilio, kwenye akaunti, kwenye kubadilisha namba. Sehemu ya juu nikaandika namba ya zamani. Apu ikakataa: hailingani na akaunti yako. Nikaandika tena. Ikakataa. Jasho lilinitoka hadi mikononi, na skrini ikaanza kufungua vitu nisivyovigusa.

"Wameshaichukua," nilisema.

Mama alininyang'anya simu, akaipangusa kwa chitenge chake. "Nani amechukua? Weye umeandika namba ya Kongo, umeiacha na kodi ya Zambia mbele. Tena na sifuri. Ba tichala, uko unafundisha nini kule?"

"Historia."

"Ee, inaonekana."

Aliweka mbili-nne-tatu ya Kongo juu, akatoa sifuri, na chini mbili-sita-sifuri na namba yangu ya Zambia. Ikakubali. Ikauliza kama nataka watu wangu wajulishwe. Nilichagua wale niliowahi kuandikiana nao tu, kwa sababu kuna watu kwenye kitabu changu cha namba ambao amani yangu inategemea kutonipata. Kodi ya tarakimu sita ikaja kwenye laini ya Zambia. Mama akageuza uso pembeni nilipoiandika. "Hiyo usionyeshe mutu, hata mimi."

Mazungumzo yote yalikuwapo. Magrupu yote yalikuwapo. Nilishusha pumzi. Kisha nikatafuta zile namba tupu za mdogo wangu, nikang'amua kosa langu: hata kati ya niliowahi kuandikiana nao, taarifa ilikwenda kwa waliohifadhiwa kwa jina tu. Zile simu za kuazima hazikuambiwa neno.

Wakati nafikiria hilo, grupu ya ukoo ililipuka. Kwenye grupu taarifa hutokea yenyewe: fulani amebadilisha namba. Mama mudogo, ndugu ya marehemu mama, hakungoja.

"Nani huyu ameingia na namba ya Zambia? Mwizi! Admin, toa yeye!"

Admin nilikuwa mimi. Watu saba waliniomba nijitoe. Niliandika, "Ni mimi," na hilo, ukiliangalia vizuri, ndilo neno la kwanza la kila mwizi.

Kwetu, pande zote mbili za ziwa, tuna dawa ya jambo hili. Namba mpya haikubaliwi mpaka mtani wa ukoo akutukane na wewe ujibu papo hapo, kwa sauti. Mwizi huwa na adabu. Akitukanwa anaomba radhi, au anakasirika kweli. Mtani wetu, mzee wa Mununga mwenye mitumbwi miwili, alituma sauti yake:

"Nasikia maiti moja imebadilisha namba. Weye wa kichwa kama kiazi kilichooza, tuliyekuosha na majivu, umefufuka lini?"

Nilisimama kati ya ndoo za chisense, nikabonyeza kinasa sauti na kupaza sauti ili wote wasikie: "Nimefufuka siku ile nyinyi mlikula nyavu zenu kwa njaa mkidhani ni mboga! Jeneza lako niko nalo hapa, naliuza, ni fupi kama akili zenu!"

Wachuuzi waligeuka. Mama wa kibanda alifunika mdomo. Kwenye grupu mama mudogo aliandika: "Ni yeye. Mwacheni."

Ukoo ulikuwa salama. Aliyebaki nje alikuwa yule mmoja ambaye nilikuwa nimefanya yote kwa ajili yake. Nikaandikia zile namba tatu za mwisho moja moja, bila jina, bila kutaja pahali: mwambieni aliyeazima simu hii kwamba namba ya yaya wake sasa ni hii. Ya kwanza ilibaki na tiki moja. Ya pili ilijibu, "Hatumujue." Ya tatu ilinifungia nisiiandikie tena. Siku nyingi baada ya hapo niliamka na wazo lile lile: nimeyaokoa maneno yake yote, nikampoteza yeye.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, nikipitia apu, niliona namba yangu ya zamani ina picha. Mwanamke mwenye kitambaa cha njano, amebeba mutoto. Nilishtuka kama niliyekuta mgeni kitandani kwangu, ingawa mgeni kwa haki nilikuwa mimi. Nikamwandikia salamu ndefu, yenye adabu nyingi mno.

"Nani weye? Unatafuta kodi? Hautaipata," alijibu.

Nikamwambia sitaki kodi yoyote, asimpe mutu yeyote, hata mimi. Hilo ndilo lililomlegeza. Nikamweleza juu ya mdogo wangu. Mchana akatuma ujumbe wa sauti. Yuko Pweto, upande ule wa Kongo, anauza mafuta ya mawese, kadi aliinunua sokoni.

"Papa, kuko mutu mmoja aliita, wiki imepita. Alisema, 'Yaya iko?' Nikamwambia, hapa hakuna yaya, ni numéro yangu. Akauliza tena. Nikamwambia, simujue huyo mutu, sijamuona. Akakata. Unisamehe. Nilidhani ni wale waongo. Numéro yake ingali hapa, ngoja nikutumie."

Nilipiga saa ile ile. Alipokea mwenye duka, akaita jina, nikasikia viatu vikikimbia kwenye mawe.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Mimi, yaya wako."

Nilisikia pumzi yake, bado ya mbio.

"Mwanamke alisema hakujui," alisema. "Alisema hajakuona. Nikajua umekufa, mutu mwingine amebaki na simu. Tulikulilia siku tatu hapa. Pasta aliomba."

Miezi yote ile nilikuwa nimeogopa juu yake, na sikufikiria hata mara moja kwamba kutoka huko milimani, mwenye kupotea nilikuwa mimi. Nilianza kueleza juu ya laini zinazolala, na kadi zinazouzwa upya, na akaunti. Alinikata.

"Yaya, mwenye simu anataka simu yake. Nipe namba. Polepole. Sina pa kuandika."

Nikaitaja. Aliirudia vizuri. Nikamwambia airudie tena, akairudia vizuri. Nilisikia mwenye duka akigombana kwa nyuma. Nikamwambia mara ya tatu, kwa uhakika, na mara ya tatu alianza kwa namba mpya, akafika katikati, ulimi ukateleza kwenye ile aliyoibeba kichwani miaka yote, akamalizia kwa tarakimu za zamani.

"Hapana," nikasema, "mwisho siyo huo—"

Simu ilikatika. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Sijui aliondoka na ipi. Nilimwandikia yule mama wa Pweto, nikamwomba kwamba mutu yeyote akiuliza yaya, amwambie yaya yuko, kisha amtajie namba yangu polepole, mara nne. Akajibu kwamba ameiandika kwa makaa ukutani, juu ya madumu ya mawese, na kwamba tangu sasa simu hataizima.