Mpaka Uliofunga Mara Mbili

Mama alikuja ofisini kwetu Suna na chupa ya chai, akakaa nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimemwambia asije. Mimi huchora ramani za mashamba ya watu, na sipendi kusimamiwa, hasa na mtu aliyenisimamia tangu nizaliwe.

Siku hiyo shamba lilikuwa letu, la Magunga. Jirani alikuwa ameuza lake na mnunuzi alitaka kuweka ua. Mpima ardhi alikuta bikoni yetu moja tu, jiwe la kuonyesha kona ya mpaka. Nyingine zilishang'olewa na plau. Ikabidi niuchore mpaka upya kuanzia hapo, kwa nyuzi na mita za ramani ya zamani. Kaburi la baba alikuwa amelipima kwa GPS, nami nikaliweka kama nukta. Tulimzika hapo tukifuata safu ya mikonge kama mpaka, tukijua ni kwetu. Kando yake mama alijiachia nafasi ya kaburi lake.

Nikaandika upande wa kwanza kwenye kompyuta, mita kisha nyuzi: @75.40<12d20'. Nikaendelea hadi upande wa mwisho ukarudi kwenye bikoni ya kuanzia. Mpaka ukafunga. Ukubwa ukalingana na ramani. Baba alikuwa ndani. Mama akapiga vigelegele, kisha akaanza kuwapigia simu wajomba.

Hapo ndipo nilipoutazama ule upande wa kwanza. Nyuzi kumi na mbili ni kaskazini, kuinama mashariki kidogo tu. Wangu ulikuwa umelala kuelekea mashariki. Programu ya kuchorea ilikuwa imewekwa upya juzi, na ilihesabu nyuzi kutoka mashariki, kinyume cha saa. Wapimaji huhesabu kutoka kaskazini, kwa mwendo wa saa. Shamba lote lilikuwa limegeuka kama kwenye kioo, na kwa kuwa pande ziligeuka pamoja, lilifunga vilevile na ukubwa haukubadilika.

Nikarekebisha, nikachora tena. Ukafunga. Baba akabaki nje.

Nilitamani kuuacha ule wa kwanza ubaki, nasema kweli. Nikafuta, nikarudisha, nikafuta tena. Lakini mnunuzi naye ana mpima wake, na bikoni ni ileile. Nyuma yangu mama alikuwa akicheka na simu.

"Mama, kata simu."

Nikamwonyesha. Alisogeza kiti karibu.

"Na ile ya kwanza, si ilifunga?"

"Ilifunga."

"Sasa?"

"Ilikuwa imegeuka, Mama."

Niliogopa atalia. Badala yake akaweka kidole kwenye skrini, ndani ya mpaka, akakisogeza hadi kikagusa laini.

"Wuonu hatutamfukua," alisema. Baba yako, alimaanisha. "Mimi niwekee hapa, nyathina, mwanangu. Kutoka hapa mpaka kwake ni mita ngapi?"

Nikaweka nukta yake mahali pa kidole, nikapima hadi ya baba.

"Tisa," nikamwambia. Laini ya mpaka ilipita kati yao.