Tumba Iliyovaa Kanga

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu alikuwa akisema kwamba hata chumvi naionja mara mbili, isije ikawa sukari. Kwa hiyo tumba ya bendi yetu, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, ilipopotea Kindu, wakati Wabelgiji bado wanatutawala, sikungoja kuambiwa nimshuku nani. Nilikwisha kumpata, tena ndani ya ukoo wa mke wangu.

Mchana nilikuwa mlinda bohari wa reli. Jumamosi nilipiga tumba katika klabu ya makarani, na kila ngoma iliyopasuka ngozi ililetwa kwangu. Chumba cha vyombo kilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa wangu, wa pili alikuwa nao mpiga bongo wetu, rafiki yangu wa miaka mingi. Jumamosi ya wiki ile hatukucheza, kwani rafiki yangu alituma habari kwamba ana homa. Jumatatu nikafungua chumba, nikakuta duara tupu sakafuni pale tumba inaposimama. Kufuli lilikuwa zima.

Ufunguo wangu hukaa msumarini, nyumbani. Ijumaa iliyotangulia, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amekula kwetu. Yeye ni mpiga dufu katika maulidi na harusi za Waislamu, na mara nyingi alinisifia ile tumba kwa macho ya mtu mwenye njaa. Basi, hesabu yangu ikawa imekwisha. Jumatano, alipokuwa msikitini, nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kuazima msumeno, na mkewe alipotoka uani kunichotea maji, nikainua kitanda chao na kuchungulia chini. Palikuwa na viatu na gunia la mpunga. Mkewe alirudi upesi kuliko nilivyodhani. Aliniwekea maji, akanyoosha shuka la kitanda.

Ijumaa, mpiga picha wa mtaa wa Kasuku akatundika dukani kwake picha ya harusi ya karani mmoja wa reli, iliyofanyika Jumamosi ile ile. Jioni yake rais wa klabu aliniita ofisini. Picha ilikuwa mezani. Katikati alisimama shemeji yangu na ngoma ndefu mbele yake, imefungwa kanga kuanzia karibu na juu mpaka chini, kama watu wetu wanavyozoea kuzivalisha ngoma za harusi.

“Iyi njo tumba yetu,” rais alisema. “Na uyu njo shemeji yako. Ufunguo aliupata kwa nani?”

Akagonga picha kwa kidole.

“Kesho asubui ninapeleka foto kwa muzungu wa teritware, mukubwa wa serikali. Yeye ataenda boloko. Na wewe utarudisha ufunguo, utatoka mu bendi.”

Nakiri kwamba nilichohisi kwanza si huruma. Nilifurahi kuwa sikukosea. Halafu nikamwona akilini mke wangu akipeleka chakula gerezani kwa kaka yake, na furaha ile ikaisha. Nikaomba niiangalie picha vizuri. Rais akanipa kioo chake cha kukuzia maandishi, akakaa akinitazama mikono, maana yeye naye alikuwa mtu wa kushuku.

Nilianza na ngoma nisizokuwa na shaka nazo. Wazee wawili walishika madufu mbele ya nyuso zao: fremu nyembamba, pana kuliko kina chake, ngozi upande mmoja tu, misumari midogo imezunguka ukingo. Ile misumari niliipiga mimi. Kila mwaka kabla ya maulidi shemeji aliniletea madufu niyawambe upya, na hakumpa mtu mwingine kazi hiyo. Ukutani walisimama wenzake bwana harusi wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya reli. Mmoja alining'iniza nyongani ile ngoma fupi ya kupigwa kwa vijiti, ngozi juu na ngozi chini, vyuma vyembamba vikivuta pete ya juu na ya chini pamoja. Waya zake za chini, zile zinazoipa sauti ya kukwaruza, zilichungulia kidogo.

Kisha nikaja kwa ile ndefu. Ngozi moja, mikono mitupu, urefu wa kiuno: yote ni ya tumba. Lakini tumba yetu ni mbao zilizounganishwa kama pipa, na tumbo lake limejaa katikati. Kanga ingevimba pale. Kwenye picha kanga ilifanya kinyume: ilishuka toka juu, ikazama ndani kama kiuno cha nyigu, ikatoka tena kidogo mguuni. Nikasogeza kioo juu, pale kanga ilipoanzia. Tumba yetu ina pete ya chuma inayovutwa kwa kulabu na bulo, zile bolti zilizokazwa ubavuni, na mimi ndiye ninayezikaza. Hapa hapakuwa na bulo hata moja. Palikuwa na kamba, zinapanda na kushuka kwa pembepembe toka kwenye pete.

“Mukubwa, iyi haiko tumba,” nilisema. “Angalia kamba. Angalia kiuno. Ni muti mumoja wamechonga kama kikombe. Wasenegali wanaita djembe.”

Alikuwapo Msenegali mmoja Kindu siku zile, muuza vitambaa, na djembe yake nilikwisha kuiona barazani kwake. Rais alichukua kioo, akatazama muda mrefu.

“Basi tumba iko wapi?”

Nilirudi pichani nikitafuta jibu, na nikaliona pembeni, nyuma ya mabibi, mahali ambapo hakuna aliyepaangalia. Mtu mmoja amekaa, amegeuza uso. Kati ya magoti yake mna vingoma viwili vifupi, kimoja kikubwa kuliko mwenzake kidogo, vimeshikanishwa kwa kipande cha mti. Bongo. Kindu nzima ilikuwa na jozi moja tu, ya kwetu, na mwenye kuipiga eti alikuwa nyumbani anatetemeka kwa homa.

Nilitamani kukaa kimya. Lakini bila mwizi mwingine, shemeji asubuhi angekwenda boloko, kwa hiyo niliweka kidole pale.

Rafiki yangu aliletwa usiku ule ule, hakubisha. Chumba alikifungua Jumamosi ile kwa ufunguo wake. Bongo alikwenda nazo harusini na kuzirudisha, tumba akawaazima wenye baa moja ya mji wa Kama, huko kwa wachimba dhahabu. Iliporudi ngozi ilikuwa imechanika. Alifukuzwa katika bendi, na hakunisalimia tena.

Asubuhi nilikwenda kwa shemeji, nikiwa nimejaa sifa zangu. Nilimweleza yote: kiuno, kamba, bulo. Alinisikiliza akinimiminia chai.

“Aksanti, shemeji,” alisema. “Umeniokoa. Sasa uniambie kitu kimoja. Siku ulinyanyua kitanda yangu, ulikuwa umesha kuona ile foto?”

“Bado,” nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, akanisogezea sukari.

Maulidi iliyofuata nilisubiri madufu. Hayakuja. Nilikwenda kusikiliza, nikasimama karibu na wapigaji, na shemeji akanipa mkono kwa adabu zote. Ngozi zilikuwa mpya. Misumari ilikuwa mikubwa, imepigwa ovyo, na mwenye kuipiga hakuwa mimi.