Swichi ya Maji Moto

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nikipewa muwa, naukagua kwanza kabla ya kushukuru. Kwa hiyo dizeli ilipoanza kupungua kwa kasi katika hospitali ndogo ya misheni nilikokuwa nikifua nguo, kando ya mto, chini kidogo ya Garsen, sikungoja kuulizwa. Nilikuwa nimeshamjua mwizi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, miezi michache tu tangu tuletewe mashine ya kufulia. Sista mkuu, mzungu asiyependa maneno mengi, alikuwa akitumbukiza kijiti ndani ya tangi la mafuta kila Jumamosi, anakitoa, anakitazama, anakunja uso. Jenereta ilikuwa ikiwaka jioni kwa ajili ya taa, na asubuhi mbili kwa wiki kwa ajili ya mashine yangu. Sista alikuwa amekisia mashine itakula kiasi gani. Kijiti kilionyesha zaidi ya hapo, tena sana.

Mwendesha jenereta alikuwa Muorma, mtu wa kabila la wafugaji, mrefu, mkimya, aliyewaachia kaka zake ng'ombe akaja kufanya kazi ya mashine. Ukimya wake ulinikera. Kila asubuhi nilimwona akielekea kivukoni, ambako malori hungoja kuvushwa, na debe lililofunikwa kitambaa. Alienda nalo zito, akarudi nalo tupu. Madereva wa malori wanataka nini kama si dizeli? Nilimwendea Sista nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, kisha nikamweleza habari za debe. Aliniahidi kutotaja jina langu.

Siku ya Jumanne alimwita Muorma akamwambia kazi yake imekwisha. Nilikuwa naanika shuka hapo nje, nasikia kila kitu, na nakiri nilifurahi. Yeye hakubisha. Alieleza kwamba debe lilikuwa la maziwa ya ng'ombe wa mama yake, madereva huyanunua, na akamwomba Sista jambo moja tu: aje kwenye kibanda cha jenereta wakati mimi nafua.

Sista alikubali. Dirisha la chumba changu cha kufulia lilitazamana na mlango wa kibanda, kwa hiyo niliona yote, na namba za mita Sista alizisoma kwa sauti. Mashine ile ilikuwa na swichi mbili, moja ya kuzungusha nguo na nyingine ya kupasha maji. Niliwasha ya kuzungusha. Mle kibandani mshale wa mita ya umeme ulinyanyuka kidogo, haukufika hata mbili, na injini haikushtuka. Kisha Sista akapaza sauti niwashe ya pili, kama nifanyavyo siku zote. Injini ilinguruma kwa uzito, moshi ukatoka mweusi, na mshale ukaruka mpaka karibu kumi na tano. Ukabaki hapo hapo. Maji yalihitaji kama saa nzima kuchemka vizuri, na muda wote huo injini iliendelea kuguna.

Sista aliniita kibandani akaniuliza ni nguo gani ninazofulia maji moto. Nikasema zote.

Alikuwa ameniagiza tangu mwanzo: maji moto ni ya vitambaa vya vidonda na nguo za uzazi, shuka na mapazia ni maji baridi. Niliitikia, nikafanya nilivyotaka. Mto ulikuwa umejaa, maji yake tope tupu, nami niliamini moto ndio unaong'arisha. Halafu, nilizoea kuchemsha nguo kwa kuni. Kuni unazikata, unazibeba kichwani, unaziona zikiisha, kwa hiyo hukoki moto ovyo. Ndani ya mashine sikuona moshi wala jivu. Nilidhani moto ule ni wa bure.

Sista alipiga hesabu akiwa amesimama pale pale. Katika kila sehemu kumi za umeme wa kufulia maji moto, kama tisa zilikuwa za kupasha maji. Ile kazi yote ya kuzungusha na kusugua, niliyoidhani ndiyo nzito, ilichukua moja iliyobaki. Wiki iliyofuata nilifua shuka kwa maji baridi, zikatoka safi vilevile, na kijiti kikatulia.

Lakini siku ile, kabla ya kutoka kibandani, Sista alimuuliza Muorma kwa nini hakusema mapema, ikiwa alijua.

"Najua mwezi mzima," akasema. "Jenereta inalia, mimi nasikia. Lakini nikisema mashine inakula mafuta, wewe utarudisha mashine. Huyu mama atarudi kubeba kuni. Mama yangu alibeba kuni mpaka mgongo imekufa."

Hakunitazama alipokuwa akisema hayo. Sista alimrudishia kazi yake, akaomba radhi, akaondoka bila kunitaja. Muorma angeweza kubaki bila kujua ni nani aliyemchongea, na mimi ningeweza kunyamaza milele. Niliona aibu, nikamsogelea.

"Kaka," nikamwambia, "habari ya debe niliipeleka mimi."

Aliendelea kufuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Nenda, mama, maji yako yamechemka."