Ruhusa ya Kusema Hapana

Barnabas Okiror alikuwa na tabia ya kujifutia vidole kwenye pazia langu. Nilikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na stesheni ya Malaba, miaka ile ya kwanza ya uhuru, na kila alipomaliza kula aliinuka, akalivuta pazia la mlangoni kama ni taulo ya kwao, akajifuta mafuta kidole kimoja kimoja. Nililifua lile pazia mpaka rangi ikaisha. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba huyu mtu sikumpenda, na sioni sababu ya kujifanya.

Lakini habari hii si yake. Ni ya Petronilla, rafiki yangu tangu shule ya masista, binti wa marehemu Echodu.

Petronilla alikuwa karani katika stoo ya kununua pamba ya chama cha wakulima. Alisimama kwenye mizani toka asubuhi, wakulima wakimwaga magunia mbele yake, naye akitenganisha pamba safi na fifi, ile chafu yenye madoa. Ukimletea fifi umeifunika kwa safi juu, alitia mkono mpaka chini ya gunia na kukutolea uchafu wako hadharani, bila kukutukana. Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa meneja wa kwanza, Bwire, mtu wa Marachi, mkimya, ambaye misimu mitatu alikaa naye pale pale vumbini. Bwire alipohamishiwa Khunyangu wakamleta Barnabas. Huyo alikuwa meneja msimu mmoja tu, na huo mmoja aliumalizia ng'ambo, upande wa Uganda, kwenye vilabu vya pombe. Msimu ulipokwisha stoo ikafungwa, kila mtu akaenda kwake.

Kwake Petronilla kulikuwa ni kwa baba yake mdogo, Emukule. Alilima mihogo ya Emukule, akachota maji ya Emukule, na jioni akamsikiliza Emukule akieleza wageni jinsi alivyomsomesha, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja. Nilikuwa nikienda kumtembelea narudi na kichwa kinauma.

Basi hospitali ya misheni ikatangaza kazi ya karani wa stoo ya dawa na vyakula. Kazi ilikuja na chumba. Petronilla alikuja kwangu mbio mbio, nikamwona anacheka peke yake kabla hajafika mlangoni. Masista walitaka barua ya maombi, vyeti, na jina la mtu aliyekuwa mkubwa wake kazini, ambaye wangemwandikia wenyewe kumuuliza habari za kazi yake.

Nilimwambia aandike Bwire, aende zake. Yeye akasema mkubwa wa mwisho alikuwa Barnabas, na masista wangeshangaa akimruka. Heri amuulize kwanza, lakini amuulize kwa namna ambayo mtu anaweza kukataa bila kuona haya. Alikuwa ameyapanga maneno. Sista aliyetufundisha ndiye aliyemwambia kwamba usimtaje mtu kabla hujamwomba, na ukimwomba mwachie njia, kwa sababu anayeandika huku hataki ataandika vibaya.

Kwetu si hivyo. Kwetu ukienda kwa mkubwa kuomba kitu unakwenda na mtu wa kukusemea, na huendi mikono mitupu. Kuku, au kitu kikubwa zaidi kama jambo ni kubwa. Akipokea, ameshakubali, hapana haisemwi tena. Petronilla alilijua hilo, na ndiyo maana alikwenda peke yake, hana hata yai.

Walizungumza hapa hapa kwangu, Barnabas akiwa na sahani ya matumbo mbele yake. Petronilla hakuketi.

"Mzee Barnabas," alisema, "naomba kazi ya stoo kwa hospitali ya misheni. Masista wanataka jina la mkubwa wangu wa zamani, wamwandikie kumuuliza vile nilifanya kazi. Barua yao itakuja kabla ya mwezi kuisha. Nimefikiria wewe, lakini najua tulikaa pamoja msimu mmoja tu. Kama unaona hukuijua kazi yangu vizuri, ama uko na mambo mengi, sema hapana. Sitauliza sababu, na sitachukia. Kuna mwingine naweza kuomba. Usinijibu sasa. Ukimwambia Benedetta hapa, atanifikishia."

Barnabas aliacha kutafuna. Alimtazama kama mtu aliyepewa kiti mahali alipozoea kusimama. Akasema sawa, atafikiri.

Kesho yake akaja, na kabla hajaagiza chochote akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nimwambie yule msichana aende kwa Bwire. Alisema yeye kazi ya Petronilla hakuiona. Mizani alikuwa akipita mbali nayo. Alisema pia nimwambie asante kwa kumuuliza vile. Siku hiyo hata pazia hakulishika. Ndiyo siku pekee niliyomheshimu Barnabas Okiror, na ilikuwa fupi.

Petronilla alifurahi. Alinituma nimshukuru Barnabas, akapanga kwenda Khunyangu kumwomba Bwire siku ya soko, siku pekee lori lilipokwenda huko. Mambo yalikuwa yamenyooka. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alimweleza mama yake, na mama yake akamweleza Emukule.

Siku moja kabla ya soko, Barnabas akanijia tena. Anachokonoa meno kwa kijiti, kidevu kinang'aa, shati linanuka moshi na nyama. Akaketi akanyoosha miguu. Akasema nimwambie Petronilla aandike jina lake, Barnabas, amekubali. Nilimuuliza kimebadilika nini. Akasema amefikiri tu. Akacheua, akainuka, akalifuata pazia.

Nilipeleka habari.  Petronilla akamwendea Barnabas mwenyewe, akamuuliza mara ya pili kama ana hakika, akamwambia bado hajachelewa kukataa. Barnabas akasema kwa ukali kwamba amesema ndiyo, kwani hataki? Mtu ameshajitolea, tena mbele ya watu, ungemwambiaje humtaki? Akaandika Barnabas. Kwa Bwire hakwenda.

Masista walimwita. Alikwenda kwa baiskeli ya kubebwa, na gauni la bluu aliloazima kwangu, na jioni akarudi amelibeba mkononi limekunjwa, amevaa la kwake la shamba. Sista mkuu alikuwa amemwambia kwa upole kwamba vyeti ni vizuri, hesabu alizopewa alizifanya zote, lakini meneja wake alijibu kwamba hawezi kusema lolote juu ya kazi yake, zuri wala baya. Kazi ya stoo ya dawa haipewi mtu ambaye mkubwa wake hana neno juu yake. Wamemchukua mwingine.

Nilikuwa sijawahi kumwona Petronilla na hasira. Siku hiyo aliniambia twende, tukaenda mpaka kwa Barnabas. Na pale uani, chini ya kibanda, ilikuwa imetandazwa ngozi ya mbuzi imepigiliwa vigingi pande zote, nzi wameifunika. Sikio moja lilikuwa limechanika. Petronilla akaiangalia, kisha akasema taratibu kwamba huyo ni mbuzi wa mama yake.

Barnabas hakuona aibu. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo. Alitoka akiwa anafunga mkanda.

"Wewe uliniambia naweza kukataa, nikakataa," alisema. "Halafu baba yako mdogo akaleta mbuzi. Nikishakula, ningekataa kwa mdomo gani?"

"Basi ungeandika kitu, mzee."

"Ningeandika nini? Barua iliuliza kazi. Mimi kazi yako sijui. Kuwadanganya masista, siwezi."

Huyo ndiye mtu. Mbuzi wa mjane aliweza. Dhambi ndogo ya kusema binti hodari ni hodari, dhamiri yake ikamkatalia. Nilitema mate pale pale mlangoni kwake na sikuyafukia kwa mguu.

Tukarudi kwa Emukule. Yeye alikuwa na hasira kutushinda. Si kwa sababu ya kazi. Kwa sababu mbuzi ameliwa bure. Alitaka kwenda kushtaki kwa chifu arudishiwe. Alisema Barnabas alipokataa mara ya kwanza ilikuwa ni lugha ya kungoja, kila mtu mzima anaijua, na kwamba Petronilla ndiye aliyemtukana kwa kwenda mikono mitupu. Mama yake Petronilla hakutoka jikoni. Petronilla alimwambia Emukule kwamba yule mtu alikuwa amesema kweli mara moja, na wao wakamlipa aifute. Emukule akamuuliza kama huko kwa masista ndiko wanakofundisha kujibu wazee.

Mwaka ukapita mihogoni. Kisha mwenye ofisi ya kutoa mizigo ya malori Busia akatafuta karani, naye pia alitaka jina la mkubwa wa zamani. Safari hii Petronilla hakusema nyumbani. Alipanda lori la Khunyangu, akamwambia Bwire maneno yale yale: sema hapana kama unaona hivyo, sitauliza. Bwire akamwambia mwaka mzima alikuwa akingoja masista wamwandikie, maana alisikia habari za ile kazi, na alikuwa ameshawaza atakayoyajibu. Akadhani labda yeye Petronilla hakumwona anafaa. Petronilla aliniambia hapo ndipo alipolia, si siku ile ya ngozi.

Bwire alikubali. Ofisi ya Busia ikaahidi kumwandikia wiki ile.

Siku ya soko Emukule akaingia hotelini kwangu. Nje alikuwa amemfunga beberu kwenye nguzo yangu, amevaa kofia yake ya kanisani. Watu wawili wa kupakia malori walikuwa wanakunywa chai pembeni. Akaniambia amesikia. Akauliza lori la Khunyangu linatoka saa ngapi.

"Bwire ameshakubali, mzee," nikamwambia. "Bila kitu. Aliambiwa anaweza kukataa, akakubali mwenyewe."

Emukule akacheka, mandazi yangu yakionekana yote mdomoni.

"Nani anakubali bure? Huyo anangoja. Kazi ikipatikana, watu watasema nani alimpatia?"

Hapo nikaona kumbe sifa hiyo ndiyo anayoitaka. Nilimjazia kikombe, nikamwekea mandazi mengine, nikatoka nje kama anayekwenda kuchota maji. Nikafunga mlango kwa kufuli. Dirisha la hoteli ile lilikuwa la kupitisha kuku tu. Kisha nikamfungua beberu kwenye nguzo, nikamwelekeza njia ya kwao, nikampiga kofi la matakoni.

Emukule aligonga, akaita jina langu, akaita la marehemu baba yangu. Wale wapakiaji waliokuwa naye ndani walimwambia akae, chai itapoa. Lori la Khunyangu lilipiga honi kwenye kona ya stesheni, wanawake wakapanda na vikapu vyao, likaondoka. Nilingoja mpaka vumbi likatulia barabarani, ndipo nikatafuta ufunguo.