Ankara ya Mipira ya Lori

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya malori pale Wete. Tulibeba karafuu kutoka mashambani kuzileta bandarini. Nyumbani kwetu Jadida hapakuwa na mwengine mwenye mshahara, na mama alikuwa akiitaja kazi yangu katika kila dua.

Siku moja lori letu lilipasuka mipira ya nyuma njia ya Shumba. Meneja akanipa pesa za ofisi niende Chake kwa muuza vipuri, Mhindi mtu mzima aliyefahamiana na marehemu baba. Mzee yule alinipa mipira, akaandika ankara, akagonga muhuri kuwa imelipwa. Niliitia mfukoni bila ya kuisoma, nikaifikisha ofisini, na lori likarudi kazini.

Msimu ulipomalizika, mhasibu akaja kutoka Unguja kufunga hesabu za mwaka. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alipofika kwenye ankara ile ya mipira akaacha kufunua.

"Jina la nani hili?"

Nilisogea nikatazama. "Langu, bwana."

"Kwa hivyo mipira ulinunua wewe."

"Ilinunua kampuni. Mimi nilitumwa tu."

"Karatasi haisemi hivyo. Mtu wa kodi ya mapato akiiona ataikataa, maana si gharama ya kampuni. Kisha ataniuliza kwa nini pesa za kampuni zimemnunulia karani mipira. Nimjibu nini?"

Nilimtazama meneja, aliyenituma kwa mdomo wake. Alikuwa ameinamia karatasi nyengine, wala hakuinua uso. Niliona jela, nikamwona mama mlangoni akiulizwa na majirani.

"Mwambie aliyekuuzia atoe nyengine kwa jina la kampuni," mhasibu akasema. "Kabla sijaondoka."

Nikapanda gari kwenda Chake. Mzee alinipokea vizuri, akaniuliza hali ya mama. Nilipotaja kodi, uso ukambadilika.

"Nani kakutuma?"

"Ofisini kwetu, mzee. Tunataka ankara iandikwe jina la kampuni."

"Miye niliuza mara moja. Nikitoa karatasi ya pili na ile ya kwanza ingali huko, kitabu changu kitasema nimeuza mara mbili, na nitatozwa kwa mauzo ambayo sikuyafanya. Au wataniambia naandika karatasi za uongo. Niletee ile ya kwanza niifute, ndipo nikupe nyengine."

Nikarudi Wete. Mhasibu akatikisa kichwa. "Hii haitoki kwenye faili. Ikipotea njiani sitakuwa na kitu chochote mkononi."

Nikawa katikati ya watu wawili, kila mmoja ana haki yake, na mimi ndiye wa kufungwa. Usiku ule sikulala. Kila gari lililopita nilidhani ni la polisi.

Asubuhi nikarudi Chake, maana sikujua pengine pa kwenda. Nilimweleza mzee alivyosema mhasibu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya pazia; akamwambia maneno kwa Kigujarati, machache tu. Mzee akakifunga kitabu chake cha ankara ndani ya kitambaa, akatia kufuli dukani.

"Twende," akasema.

Ndani ya gari alikikumbatia kitabu kifuani njia nzima. Nilikuwa nikidhani hofu ni yangu peke yangu.

Ofisini hakutaka hata kiti. Mhasibu alimpa ankara ya zamani, naye akaipiga mistari, ile iliyotoka kwetu na nakala iliyobaki kitabuni, akaandika zote mbili kuwa zimefutwa. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la kampuni, mipira ile ile na bei ile ile.

"Tarehe nitaandika ya leo," akasema. "Chini nitataja kuwa inachukua nafasi ya ile, na siku mali ilipotoka dukani."

"Ndivyo itakiwavyo," mhasibu akajibu. "Na namba zilizochapwa kwenye mipira uzinakili kama zilivyo kwenye ile ya zamani."

Kisha mhasibu akatoka nje na karatasi, na suruali yake nyeupe, akachutama nyuma ya lori ahakikishe kuwa mipira yenyewe imo. Mpira ulikuwa umeganda tope. Nilipiga magoti nikalikwangua kwa kucha, nikiomba dereva asiwe ameibadilisha mipira. Namba zikaanza kuonekana. Mhasibu akazisoma moja moja, akaangalia na wa pili, akasimama.

"Sawa," akasema, akaingia ndani kuendelea na kazi.

Nilimsindikiza mzee hadi kituo cha magari.

"Siku nyengine," akaniambia, "kabla sijashika kalamu, nambie unamnunulia nani."

Akapanda, akakaa karibu na dirisha, kitabu mapajani. Nilibaki pale kituoni mpaka gari lilipotoweka, ndipo nikarudi kazini.